Kuibadilishia gari rimu kwenye picha, kivuli na mng'ao vikubali: Premio ya Malindi kutoka 15 hadi 17

Juzi mteja mmoja hapa Malindi kanitumia picha ya Premio yake, ameipaki kando ya barabara ya Casuarina, ubavu umeangalia baharini, saa tano asubuhi jua linawaka. Akaandika hivi: "Ami, niwekee rimu za 17 nione kabla sijatoa pesa, lakini nataka kuona gari langu, sitaki katuni." Nikamwelewa sana, maana picha nyingi za rimu zinazozunguka kwenye simu za watu ni za kubandika tu, rimu imeng'aa kama iko dukani alafu gari liko juani na vumbi, jicho linakataa hata kama mtu hawezi kusema kasoro iko wapi.

Kwa hivo ntawaeleza kazi hiyo ya Premio mwanzo mwisho. Mimi natumia Photopea kwa sababu inafunguka kwenye brauza bila malipo na majina ya menyu yake yanafanana sana na ya Photoshop, ukiwa na hiyo nyingine hatua ni zilezile. Jambo moja lishike kabla hujagusa kitu: tairi la zamani na kivuli chake pale linapokanyaga chini usiviguse. Kamera imeshakupa kivuli cha kweli pale chini, hakuna brashi itakayokutengenezea kizuri kuliko hicho, unayobadilisha ni rimu peke yake. Watu wanakata gurudumu zima na tairi lake wanabandika lingine, alafu wanashinda usiku kucha wanachora kivuli upya na gari bado linaonekana linaelea.

Anza na picha yenyewe

Ukiweza kumwongoza mteja mwambie apige saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, ama saa kumi na moja jioni. Huku kwetu tuko karibu na mstari wa ikweta, ikifika saa tano jua liko juu sana, madigadi inamwaga kivuli kirefu juu ya gurudumu na nusu ya rimu inaingia gizani. Siku za masika mawingu yakifunga ndio raha kabisa, mwanga unakuja laini pande zote na kazi inakuwa nusu. Asimame mbali, mita 8 hivi, avute zumu kidogo, na kamera iwe usawa wa kiuno. Akisogea mita 2 kwa simu, gurudumu la mbele linavimba na la nyuma linakuwa kama la toroli, na hakuna rimu ya kukaa vizuri kwenye umbo hilo. Huyu wangu alisimama mbali vizuri, upande wa mbele wa gari kidogo, ila saa ndio ilikuwa mbaya na gari alikuwa anasafiri nalo, kwa hivo nikafanya kazi na nilichopewa.

Pima kabla ya kubandika

Hapa ndipo wengi wanapobahatisha. Wanaweka rimu, wanavuta mpaka "ionekane poa", alafu mteja ananunua 17 anakuta sio ile aliyoiona kwenye picha. Hesabu yake ni ndogo.

Tairi la Premio hii ni 195/65R15. Namba 65 maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana, yaani karibu milimita 127, na rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumlisha rimu na kuta mbili unapata gurudumu la kama milimita 634. Ukienda 17, saizi inayokaribia hapo ni 215/45R17, ambayo inatoka kama 625. Tofauti haifiki hata asilimia 2, ndio maana nasema tairi la nje liache lilivyo.

Sasa kuna kitu hakiandikwi kwenye tairi. Ile inchi 15 inapimwa pale tairi linapokalia ndani, lakini wewe kwenye picha unaona mdomo wa rimu, na mdomo umeinuka kama milimita 17 na nusu kila upande. Kwa hivo rimu ya 15 inayoonekana kwa macho ni kama milimita 416, na ya 17 ni kama 467. Ukisahau mdomo huo hesabu yako yote itakuja ndogo.

Rimu ya zamani ndio rula yako. Nikapima urefu wake wa kwenda juu kwenye picha, mdomo kwa mdomo, nikapata pikseli 312 kwa gurudumu la mbele. Pikseli 312 kwa milimita 416, yaani kila milimita moja ni pikseli 0.75. Rimu mpya itakuwa 467 mara 0.75, sawa na pikseli 350. Nyuma gurudumu liko mbali zaidi na kamera, pale rimu ya zamani ilikuwa pikseli 272, kwa hivo mpya inatoka kama 305. Angalia vizuri kama gari lina wilkapu, pima mpaka ukingo wa chuma chenyewe, usiishie kwenye plastiki.

Kwa nini urefu wa juu na sio upana? Kwa sababu gari likigeuka kidogo upana wa gurudumu unabanwa, ila urefu wa kwenda juu unabaki. Na huo upana uliobanwa nao una kazi yake. Mbele nilipata upana wa 293 kwa urefu wa 312, uwiano wa 0.94. Nyuma 223 kwa 272, uwiano wa 0.82. Yaani rimu ya mbele itakuwa 329 kwa 350, na ya nyuma 250 kwa 305. Hizi ni duaradufu mbili tofauti, na hapo ndio unajua ya mbele huwezi kuikopi ukaipeleka nyuma ukaipunguza tu, lazima kila moja ibanwe kivyake.

Kutafuta picha ya rimu

Ukipata picha ya rimu iliyopigwa kutoka pembe ileile ya gari, shukuru Mungu uitumie. Mara nyingi utapata ile ya dukani iliyopigwa uso kwa uso, nayo inafaa ila ina mpaka wake. Rimu ambayo uso wake ni bapa inavumilia kubanwa mpaka uwiano wa kama 0.8. Rimu yenye bonde, zile spoki zinazozama kuelekea katikati, ukishuka chini ya 0.9 tu inaanza kuonekana kama sahani iliyokanyagwa, kwa sababu bonde halibanwi. Ukisogea pembeni, bonde linakuonyesha ukuta wake wa ndani, na ukuta huo haupo kwenye picha ya uso kwa uso. Mteja wangu alitaka yenye bonde, nikamwambia kaka kwa picha hii nyuma itadanganya, nitumie nyingine au tuchague ya bapa, tukachagua ya bapa ya spoki tano, fedha.

Ifungue picha ya rimu, iwe kubwa kuliko unavyohitaji (mimi nataka angalau pikseli 700), kata mandhari yote mpaka mapengo kati ya spoki yabaki wazi. Kama rimu imepigwa picha ikiwa kwenye gari, kati ya spoki utaona diski ya breki na kalipa ya gari lile. Vitoe vyote. Niliwahi kuviacha mwanzoni mwanzoni, kalipa nyekundu kubwa ya gari la mbio, mteja akafunga rimu alafu akaja kuniuliza mbona breki zake ni ndogo vile. Alikuwa na haki, mimi ndiye niliyemwonyesha.

Zungusha kwanza, bana baadaye

Hii ndio hatua ninayoipenda kuliko zote. Angalia kwenye picha ya rimu mwanga umetoka wapi, upande gani wa mdomo umeng'aa. Alafu angalia gari: jua limepiga wapi kwenye boneti na milango. Mara nyingi haviendani, na watu hapo wanaigeuza rimu kama kwenye kioo, kushoto kuwa kulia. Hapana. Ukigeuza hivo, spoki zilizopinda zinapinda kinyume, na maandishi kwenye kifuniko cha katikati yanasomeka nyuma mbele.

Fikiria gurudumu la kweli linasimama kwa pembe yoyote. Kwa hivo izungushe rimu tu, `Edit > Free Transform`, zungusha mpaka ule upande uliong'aa uelekee linakotoka jua kwenye gari lako. Yangu ilikuwa na mwanga wa juu kushoto na jua la picha liko juu karibu wima, nikazungusha kama nyuzi 40 mwanga ukaja juu. Spoki zikahama, haina shida, nani anajua gurudumu lilisimama wapi.

Lakini lazima uzungushe ikiwa bado duara kamili, kabla hujaibana. Ukibana kwanza alafu ukazungusha, duaradufu inalala upande na gurudumu linaonekana limepata ajali. Nimeona kosa hili mara nyingi, dalili yake ni kwamba rimu inagusa tairi upande mmoja juu na upande wa pili chini, mtu anahangaika kuvuta pembe na tatizo halikuwa kwenye pembe. Mimi kabla ya kubana naifanya leya kuwa `Smart Object`, ukifungua ndani rimu bado ni duara, unazungusha huko, unasevu, na huku nje inabadilika ikiwa imeshabanwa vizuri.

Sasa bana. Weka upana 329 na urefu 350, ilete juu ya rimu ya zamani, habu juu ya habu. Kama barabara ina mteremko au simu ilishikwa upande, inamishe kidogo ifuate mstari wa gari. Ukihitaji kuivuta pembe moja moja shikilia `Ctrl` ukivuta kona, lakini vuta pikseli chache tu. Kwa gurudumu la nyuma chukua kopi nyingine ya rimu ikiwa duara, izungushe kidogo tofauti na ya mbele, nyuzi 10 au 15, ili spoki zisilingane na mwanga usihame sana, alafu ndio ubane 250 kwa 305.

Gizani nyuma ya spoki

Chini ya leya ya rimu tengeneza leya ya giza inayojaza nafasi yote ya rimu. Usiweke nyeusi ya sifuri kabisa. Chukua rangi kutoka kwenye giza lenyewe la picha, pale ndani ya madigadi juu ya tairi. Yangu ilikuwa kama 20, 18, 16. Nyeusi tupu katika picha iliyopigwa juani inaonekana kama tundu.

Juu ya giza hilo chora diski. Mteja alikuwa ameshapima siku alipotoa tairi kuziba pancha, akaniambia kama sentimita 27, kwa hivo mbele inatoka kama pikseli 200 kwenda juu. Inaonekana ndogo ndani ya rimu ya 350, na ndivo itakavyoonekana kweli akifunga. Duara la kijivu, lipe kung'aa kidogo, alafu liwe na giza kuliko unavyodhani, maana liko ndani. Kama nyuma ni breki ya ngoma basi pale ni bakuli la chuma lenye kutu kidogo, usimwekee diski ambayo hana.

Alafu unene wa spoki. Picha ya uso kwa uso ikibanwa, spoki zinakuwa kama zimekatwa kwenye karatasi. Tengeneza kopi ya leya ya rimu, iweke chini ya rimu yenyewe, ipunguze mwanga kwa `Curves` mpaka iwe kijivu cha giza, alafu isogeze kuelekea linakoangalia bampa la mbele. Kwa nini huko? Kamera ilisimama upande wa mbele wa gari, kwa hivo kila kitu kilicho ndani zaidi kinaonekana kimesogea kuelekea mbele ya gari, na unaona ubavu wa spoki unaotazama mbele. Ingekuwa kamera iko nyuma ungesogeza kinyume. Kwa spoki zenye unene wa sentimita 3 mbele nilisogeza pikseli 8, nyuma 11, kwa sababu ya nyuma inaonekana kwa pembe kali zaidi. Diski nayo isogee upande huohuo kidogo zaidi ya spoki, na ule upande wa pili, nyuma ya gari, utaona ukuta wa ndani wa rimu, uchore kwa kijivu.

Mng'ao

Kila sehemu ya rimu inaangalia mahali pake, na inaakisi kile inachokiangalia. Ukilielewa hili hutahitaji kukisia.

Chukua ule ukuta wa ndani wa rimu, kama uko ndani ya pipa lililolala. Sehemu yake ya chini inaangalia juu, inaona mbingu, kwa hivo inang'aa. Sehemu yake ya juu inaangalia chini, inaona spoki, breki na ardhi, kwa hivo ni giza. Ukingo wa nje wa mdomo ni kinyume chake, ukingo wa juu ndio unaoona mbingu. Watu wanachora mwanga juu kila mahali kwa sababu jua liko juu, alafu rimu inakataa. Angalia tu sufuria iliyolazwa ubavu juani uone chini ndani inavyong'aa.

Uso wa spoki wenyewe umesimama wima, unaangalia pembeni kule alikosimama mpiga picha. Kwa Premio hii kule kulikuwa na mchanga mweupe kwa chini, alafu mstari wa michongoma, alafu mbingu. Rimu ya fedha ya rangi ya kawaida haionyeshi picha ya vitu hivo, inachukua tu rangi zao kwa ulaini. Nikaweka leya mpya juu ya rimu, nikaifunga kwa `Clipping Mask` ili isivuke nje, nikaifanya `Soft Light`. Nikachukua rangi ya mchanga kutoka kwenye picha yenyewe, na brashi laini kubwa nikapaka nusu ya chini ya rimu, `Opacity` asilimia 20. Nusu ya juu rangi ya mbingu, nyepesi zaidi, asilimia 10. Ukitazama peke yake huioni, ukiizima na kuiwasha unaona rimu inatoka dukani inakuja Malindi.

Mchanga wetu mweupe unarudisha mwanga mwingi sana kwenda juu, usisahau. Gari lilelile likipigwa kwenye lami, chini ya rimu inakuwa na giza. Likipigwa kwenye udongo mwekundu, njia ya kwenda Sala Gate kwa mfano, chini inakuwa na wekundu. Kama rimu ni nyeusi ya kung'aa, rangi ya ardhi inaonekana kwenye michirizi myembamba tu, na sehemu nyeusi kabisa isiwe na giza kuliko tairi lilivyo chini ya jua. Kromu ndio ngumu. Inaakisi kama kioo, inaonyesha mstari kabisa kati ya ardhi na mbingu, na kama picha ya rimu ilipigwa studio utaona taa nyeupe za mstatili ndani yake. Hizo taa lazima uzifute na uchore upya, na kwa kweli kromu mimi namwomba mteja anitafutie picha iliyopigwa nje juani.

Kivuli cha madigadi

Sasa ile saa tano yake. Jua liko kama nyuzi 70 juu, na madigadi inatupa kivuli juu ya gurudumu. Angalia tairi kwanza: mstari wa kivuli unaonekana wazi pale mpira unapotoka kwenye giza kuja kwenye mwanga. Mstari huo ndio unaokuongoza, usibuni wako.

Lakini ukiuvuta tu moja kwa moja mpaka kwenye rimu unakosea. Spoki ziko ndani zaidi kuliko uso wa tairi, na kivuli kikiangukia kitu kilicho ndani kinashuka chini zaidi. Jua likiwa nyuzi 70 na liko ubavuni sawasawa, kila sentimita 1 ya kuzama inashusha kivuli kama sentimita 2.7, ambayo kwenye picha hii ni pikseli 20. Spoki za rimu ile zilizama kama sentimita 2 kutoka uso wa tairi, kwa hivo mstari kwenye spoki nikaushusha pikseli 40 chini ya mstari wa tairi, na kwenye diski ndani nikauacha ufike chini kabisa, diski yote ikawa kivulini. Jua likiwa nyuzi 45, saa tatu na kidogo, sentimita 1 inashusha sentimita 1 tu, na mara nyingi kivuli cha madigadi hakifiki hata kwenye rimu, kinaishia juu ya tairi. Hapo kinachobaki ni kivuli cha mdomo wa rimu wenyewe ukiangukia spoki zilizozama. Ukiona rimu kwenye picha ya saa tatu ina kivuli kikubwa cha madigadi, ujue mtu alibandika tu kwa mazoea.

Namna ya kukipaka: leya mpya juu ya zote, `Multiply`, rangi uichukue kwenye kivuli cha gari pale chini kwenye mchanga. Utashangaa, sio nyeusi, ina ubluu kidogo kwa sababu kivulini mwanga unaofika ni wa mbingu. Chora umbo lifuate mpindo wa madigadi, ukingo wake ulainishe kwa `Gaussian Blur`, pikseli 3 au 4, linganisha na ulaini wa ukingo ule wa kwenye tairi. Alafu punguza `Opacity` mpaka giza la spoki kivulini na giza la tairi kivulini viwe kitu kimoja. Mimi nilisimama kwenye asilimia 65.

Pale rimu inapokutana na tairi

Rimu mpya imekula sehemu ya ukuta wa tairi, ulikuwa pikseli 82 sasa umebaki kama 63. Maandishi ya tairi yanakatwa katikati, herufi nusu zinabaki zinachungulia, na hilo ndilo linalofichua kazi kuliko kitu chochote. Yafute yote kwa zana ya muhuri, ukichukua mpira safi wa karibu ukifuata mduara. Kama mteja anataka kuona maandishi ya tairi fulani, hiyo ni kazi nyingine, yachore kwenye njia ya mduara alafu uyabane kwa uwiano uleule wa rimu.

Kati ya mdomo na mpira weka mstari mwembamba wa giza, pikseli 3, laini, uwe mzito zaidi juu kivulini na mwepesi chini. Bila mstari huo rimu inaonekana imelalia juu ya tairi kama stika.

Mwisho uichafue kidogo

Kuza picha mpaka asilimia 100, angalia mlango wa gari alafu angalia rimu. Picha ya simu ina chembechembe na ulaini fulani, rimu ya dukani ni kali kama wembe. `Gaussian Blur` ya 0.6 hadi 1, alafu `Add Noise` ya asilimia 1 au 2, mpaka ukali ulingane na kitasa cha mlango. Gurudumu la nyuma liko mbali, liwe laini zaidi kidogo. Kama tairi lina vumbi la mchanga chini, nawe pitisha brashi ya rangi hiyo chini ya rimu kwa wepesi sana.

Ukimaliza geuza picha nzima kushoto kulia uitazame, kasoro ambazo jicho lilishazizoea zinaruka zenyewe. Alafu iangalie ikiwa ndogo kwenye simu, kwa sababu ndiko mteja atakakoiona. Mimi kwa Premio hii nilipoigeuza nikaona diski ya nyuma haijasogea vya kutosha, ilikuwa nimekopi kutoka mbele bila kufikiria, nikaisogeza pikseli chache zaidi ikakaa.

Itume kama dokumenti sio kama picha, maana WhatsApp ikiibana zile chembechembe zinageuka madoa na kazi ya kulinganisha ukali inapotea. Weka faili la `PSD`, atarudi tu kutaka nyeusi. Na umwandikie wazi kwamba picha imeonyesha saizi na sura, haijapima kama rimu itaingia: Premio hii ina nati tano kwa mduara wa milimita 100, rimu ya 114.3 haiingii hata ikipendeza vipi kwenye picha, na kuhusu kuchomoza nje au kugusa madigadi aende kwa fundi wa tairi akajaribishe moja kabla ya kulipia nne. Huyu wangu alienda, rimu ya kwanza aliyoipenda ikakutwa ni 114.3, akarudi kwangu na picha ya nyingine ya spoki kumi, nami nikafungua `Smart Object` nikabadilisha ya ndani tu, vivuli na mchanga vyote vikabaki mahali pake, nikashusha tu ule mstari wa kivuli pikseli 10 kwa sababu spoki zake zilizama nusu sentimita zaidi.